Kabla meza ya kale haijafika mnadani: umiliki, bei ya kuanzia na kodi

Tuchukue meza moja ya kuandikia. Ina droo saba na miguu ya kuchongwa, na kila tundu la ufunguo limezungushiwa kipande cheupe kinachofanana na pembe. Mama aliinunua mwaka 1968 kwa dola 800. Alifariki mwaka 2011, na watoto wake watatu wameiacha sebuleni tangu wakati huo. Sasa dalali wa mnada ameipiga picha, akapima, akasema haiwezi kwenda chini ya 20,000. Watoto wanataka kuiuza.

Nimeandaa mafaili ya mauzo ya namna hii kwa miaka kadhaa, na karibu kila mara watu huanza kwa kuuliza, "Kodi asilimia ngapi?" Hilo ni swali la mwisho. Viwango hutofautiana nchi na nchi na unaweza kuvisoma kwa dakika kumi. Kinachobadilisha kiasi utakacholipa ni karatasi: za kuonyesha kitu ni cha nani, za kuonyesha kilianzia bei gani mkononi mwako, yaani bei ya kuanzia ya kuhesabia kodi, si ile ya kufungulia mnada, na za kuonyesha kwamba wewe si mfanyabiashara wa vitu hivyo. Karatasi hizo hupatikana kwa urahisi kabla ya kuuza. Baada ya kuuza huwa ni kazi ya kubembeleza.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba ni yenu, nyote

Kukaa na kitu miaka mingi si hati ya umiliki. Kwa kitu kilichonunuliwa, karatasi bora ni risiti au ankara yenye tarehe, jina la muuzaji, na maelezo yanayotosha kukitambua. "Meza 1" haitoshi. "Meza ya kuandikia, droo saba, mbao nyekundu, vipande vyeupe kwenye matundu ya ufunguo" inatosha.

Kwa kitu cha urithi unahitaji mnyororo: mama alikipataje, kisha kikatokaje kwake hadi kwenu. Kiungo cha pili ni wosia au hati ya usimamizi wa mirathi, pamoja na orodha ya mali ya marehemu ikiwa iliandikwa. Kama meza haimo kwenye orodha, msimamizi wa mirathi aandike barua yenye saini kueleza kwamba ilikuwa sehemu ya mali na imegawiwa nani. Na kama warithi ni watatu, wote watatu watie saini ya kukubali kuuza, kisha wamtaje mmoja wa kushughulika na mnada.

Hapa ndipo familia hukwama. Katika kesi moja niliyoishika, kaka mkubwa alisema mbele ya wenzake, "Hii mama alinipa mimi akiwa hai, mnajua wenyewe." Dada yake akamjibu, "Kaka, kama alikupa, mbona haikuondoka kwake?" Hawakujua kwamba jibu la swali hilo linagusa kodi pia. Marekani, kwa mfano, kitu ulichorithi huanza kuhesabiwa kwa thamani yake ya soko siku ya kifo, lakini kitu ulichopewa na mtu aliye hai kwa kawaida hubeba bei aliyolipa yule aliyekupa. Ingekuwa meza yetu, kaka akishinda mabishano, anashinda na bei ya kuanzia ya 800. Akishindwa, meza inaanzia thamani ya mwaka 2011. Basi msiandike "zawadi" kwenye fomu ya mnada kwa sababu tu neno hilo ni tamu kuliko "urithi". Andikeni kilichotokea, na kiwe kilekile katika kila karatasi.

Ukiwa huna risiti ya zamani, kusanya ushahidi wa pembeni. Picha ya familia yenye meza nyuma ya watu, ikiwa na tarehe, ina uzito mkubwa. Vivyo hivyo sera ya bima ya nyumba iliyoorodhesha vitu, barua, daftari la matumizi, au lebo ya duka iliyobandikwa chini ya droo. Toeni droo zote na muangalie chini na nyuma. Hati ya kiapo mbele ya wakili iwe nyongeza ya vitu hivi. Ikisimama peke yake, ni maneno yako tu yenye muhuri.

Kisha kitambulisheni kitu chenyewe. Kuna mfumo wa kimataifa uitwao Object ID, uliozinduliwa mwaka 1997, unaotumiwa na polisi, makumbusho na makampuni ya bima. Unataka picha, aina ya kitu, vifaa vilivyotumika, vipimo, maandishi na alama, na zaidi ya yote dosari za kipekee: mwanya kwenye ubao wa kushoto, alama ya kuungua yenye umbo la kikombe. Dosari ndiyo alama ya kidole ya kitu. Kwa maelezo hayo, nyumba ya mnada itatafuta kwenye orodha za vitu vilivyoibwa, kama ile ya Interpol. Ni bora mjitafutie wenyewe kwanza, maana katika nchi nyingi aliyenunua kwa mwizi hakupata umiliki hata kama alilipa kwa nia njema, na mama anaweza kuwa alinunua hivyo bila kujua.

Hatua ya 2: Tafuta bei ya kuanzia

Kodi ya faida ya mtaji hutozwa kwenye faida. Faida ni bei ya kuuzia, ukitoa gharama za kuuza, ukitoa bei ya kuanzia, ukitoa matengenezo yanayokubalika. Bei ya kuuzia mnaijua. Gharama za mnada mtapewa kwenye karatasi. Bei ya kuanzia ndiyo isiyojulikana, na ndiyo kubwa.

Kwa urithi, nchi nyingi zenye kodi hii hutumia thamani ya soko siku ya kifo. Kwa hiyo mnatafuta mthamini atakayejibu swali moja: meza hii ingeuzwa kwa kiasi gani mwaka 2011, mwezi aliofariki mama? Inawezekana kabisa kulijibu leo. Mthamini mzoefu huchukua matokeo ya minada ya miezi ile kwa meza zinazofanana, akalinganisha ukubwa, hali na asili, kisha akaandika ripoti yenye tarehe mbili: tarehe ya uthamini, ambayo ni siku ya kifo, na tarehe aliyoandika. Ripoti yenye tarehe moja tu, ya mwaka huu, haina kazi hapa.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kuleta uthamini wa bima. Bima huthamini gharama ya kwenda dukani kesho na kununua mbadala, na bei hiyo huwa juu kuliko ile ambayo muuzaji angepata mnadani. Ofisa wa kodi akiona maneno "kwa madhumuni ya bima" juu ya ripoti, anaiweka kando. Mwambieni mthamini tangu mwanzo kwamba mnataka thamani ya soko kwa ajili ya kodi, na iandikwe hivyo ukurasa wa kwanza.

La pili ni kusahau mlichosema wakati wa mirathi. Kama mwaka 2011 orodha ya mali ilisema meza ina thamani ya 2,000 ili kodi ya mirathi iwe ndogo, hamwezi leo kuja na 9,000 ili kodi ya faida nayo iwe ndogo. Mamlaka hulinganisha karatasi hizo mbili, na Marekani tangu mwaka 2015 ina sheria inayodai zilingane pale kodi ya mirathi ilipotozwa. Tafuteni kwanza orodha ya zamani, ndipo mwite mthamini.

Tuseme mthamini ameandika 9,000, na orodha ya mirathi haipingani naye. Mwaka 2015 fundi alibadilisha mguu uliooza na kuunga upya fremu kwa 1,400. Mwaka 2019 mtu alipiga vanishi kwa 300. Mguu kwa kawaida unahesabiwa, kwa sababu umeongeza thamani na bado upo siku ya kuuza. Vanishi haihesabiwi, ni matunzo ya kawaida. Nalijua hili kwa uchungu: niliwahi kuuza kabati langu mwenyewe nikiwa na risiti moja ya fundi iliyosema "matengenezo" bila maelezo. Kiasi chote kilikataliwa, mbao mpya na mng'aro pamoja. Tangu hapo humwambia fundi aandike kila kazi mstari wake.

Meza inauzwa. Nyundo inagonga kwenye 26,000. Kamisheni ya mnada upande wa muuzaji ni asilimia 15, yaani 3,900, na picha na bima ni 260. Hesabu inakwenda hivi:

```
Bei ya nyundo            26,000
Toa kamisheni            -3,900
Toa picha na bima          -260
Toa thamani ya 2011      -9,000
Toa mguu na fremu        -1,400
Faida                    11,440
```

Kila mrithi ana theluthi: dola 3,813 na senti kidogo, na kila mmoja huiandika kwenye marejesho yake. Msiweke faida yote kwa dada mmoja kwa sababu tu hela zilipita kwenye akaunti yake. Ikiwa hela zimeingia kwake, andikeni karatasi ya mgawo siku hiyohiyo.

Sasa tuondoe karatasi. Tuseme kiwango ni asilimia 20, mfano tu. Kwa faida ya 11,440 kodi ni 2,288. Kama bei ya kuanzia ingekuwa ile 800 ya mama, faida ingekuwa 19,640 na kodi 3,928. Bila karatasi yoyote, si ya thamani wala ya fundi, ofisa ana haki ya kuanzia sifuri: faida 21,840, kodi 4,368. Meza ni ileile na mnunuzi ni yuleyule.

Angalieni jambo dogo. Mnunuzi naye hulipa ada yake juu ya bei ya nyundo, na magazeti hupenda kutangaza jumla hiyo. Ada ya mnunuzi haikuwahi kuwa yenu, msiiweke kwenye mapato.

Kabla ya kulipa, soma misamaha ya nchi yako, maana mingine ni ya ajabu. Uingereza haitozi faida ya kitu cha nyumbani kilichouzwa kwa pauni 6,000 au chini, na saa za kale huwa nje ya kodi hiyo kwa hoja kwamba saa ni mashine, na mashine huhesabiwa kuwa kitu kinachochakaa. Ujerumani, mtu binafsi aliyekaa na kitu zaidi ya mwaka mmoja kwa kawaida hatozwi. Ufaransa hutoza asilimia 6.5 ya bei yote ikizidi yuro 5,000, uwe umepata faida au hasara, isipokuwa uchague kutozwa kwenye faida. Na uchaguzi huo unao tu ukiweza kuthibitisha tarehe na bei uliyopata kitu, au kwamba umekaa nacho zaidi ya miaka 22. Hata huko tumerudi kwenye karatasi. Na usijaribu kuvunja seti ya viti sita ili kila kimoja kipite chini ya kiwango cha msamaha kwa mnunuzi mmoja. Waingereza walikwisha kuandika sheria ya hilo: seti huhesabiwa kama kitu kimoja.

Hatua ya 3: Wewe ni mwenye mali au mfanyabiashara?

Mfanyabiashara hatozwi kodi ya faida ya mtaji. Anatozwa kodi ya mapato kama mwenye duka, mara nyingi kwa kiwango cha juu zaidi, bila ile misamaha ya vitu vya nyumbani. Kwa upande mwingine, anaruhusiwa kutoa gharama nyingi zaidi na hasara zake zinahesabiwa, wakati mtu binafsi akipata hasara kwenye kitu cha nyumbani kwa kawaida imepotea.

Hakuna cheti kinachokutangaza mfanyabiashara. Mamlaka hutazama mwenendo: ulikipataje kitu, ulikaa nacho muda gani, ulikitengeneza ili kiuzike, ulikopa hela ya kukinunulia, na umeuza vingapi. Watoto wetu watatu wako salama. Walirithi, wakakaa na meza zaidi ya miaka kumi, wanauza mara moja.

Lakini tuseme dada mdogo, baada ya kuonja utamu wa ile 26,000, ananunua meza nyingine mbili kuukuu, anampa fundi, na baada ya miezi mitatu anaziuza mtandaoni. Mwaka unaofuata, nne. Hapo amekuwa mfanyabiashara hata kama anaiita shughuli ya wikendi. Wala asidhani haonekani. Katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2023, majukwaa ya mauzo hupeleka taarifa za muuzaji kwa mamlaka ya kodi anapofikisha mauzo 30 kwa mwaka au kupita yuro 2,000. Taarifa kupelekwa hakumfanyi awe na deni, ila kunamfanya aulizwe.

Ushauri wangu kwa mtu wa aina hii ni kutenganisha kabisa. Daftari moja la biashara, akaunti moja ya benki ya biashara, na orodha ya vitu vya familia yenye picha na tarehe, iliyoandikwa kabla biashara haijaanza. Bila orodha hiyo, siku akiuza kitanda cha bibi, ofisa atakihesabu kama bidhaa ya dukani.

Kuhusu kodi ya ongezeko la thamani: muuzaji binafsi haitozi. Mfanyabiashara aliyesajiliwa huitoza, na nchi nyingi za Ulaya humruhusu ailipe kwenye tofauti ya bei ya kununua na kuuza tu, badala ya bei nzima. Ili apate nafuu hiyo lazima athibitishe kwamba alinunua kwa mtu asiyetoza kodi hiyo. Ndiyo maana mnunuzi mwenye duka atawaomba watoto watie saini tamko kwamba wanauza mali binafsi. Si mtego. Wasaini kama ni kweli, na wabaki na nakala.

Hatua ya 4: Kama itavuka mpaka

Ikiwa meza inabaki nchini, ruka hatua hii. Ikiwa dalali anasema itapata bei nzuri zaidi ng'ambo, simama kwanza uulize maswali matatu, na usifunge sanduku kabla majibu hayajawa kwenye karatasi.

Je, inaruhusiwa kutoka? Nchi nyingi hudai kibali cha kutoa vitu vya kale, na kibali huombwa kabla ya kusafirisha. Kutoa bila kibali kunaweza kuwa kosa la jinai, na nyumba ya mnada ya upande wa pili inaweza kukataa kuuza.

Je, ina umri gani kwa macho ya forodha? Katika mfumo wa kimataifa wa bidhaa, kitu cha kale ni chenye umri wa zaidi ya miaka 100, na kina namba yake, 9706, ambayo nchi nyingi huitoza ushuru kidogo au haziitozi kabisa. Meza ya miaka 95 ni fanicha iliyotumika, na inatozwa kama fanicha. Umri unathibitishwa na ripoti ya mtaalamu, si kwa kusema "ni ya zamani sana". Na ikiwa mbao nyingi zimebadilishwa, forodha inaweza kusema kilichobaki si kitu cha kale tena.

Je, imetengenezwa kwa nini? Hapa ndipo vile vipande vyeupe vya matundu ya ufunguo vinapokuja kutuuma. Kama ni pembe za ndovu, meza nzima inaingia kwenye sheria za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na sheria za nchi husika, ambazo nyingine hazimsamehi hata mwenye kipande cha ukubwa wa kucha. Kipande kikiwa mfupa wa ng'ombe, kwa kawaida hakuna shida. Tazama kwa lenzi yenye mwanga: mfupa huonyesha vitone na mistari midogo ya giza, mahali mishipa ilipopita, na pembe ya ndovu huwa laini, wakati mwingine na mistari inayopishana kama wavu. Hiyo ni dalili ya kukupeleka kwa mtaalamu, si uamuzi. Na usivibandue ili kukwepa kibali, kwani unaharibu thamani na ushahidi kwa mkono mmoja. Mbao nazo ziulizwe: ile rozwudi ya Brazili iko kwenye orodha kali ya CITES tangu mwaka 1992.

Mwisho wa hatua hii, hifadhi hati ya kutoa mzigo hata kama una hakika utauzwa. Usipouzwa na ukarudi, bila hati hiyo forodha ya kwenu itauona kama mzigo mpya na kuutoza.

Hatua ya 5: Mkataba wa mnada na karatasi ya malipo

Kwenye mkataba utatia saini kwamba kitu ni chenu na hakina deni wala mgogoro. Kifungu hicho hubaki na nguvu baada ya mauzo: akijitokeza mwenye haki miaka miwili baadaye, mnada utamrudishia mnunuzi hela na kuwadai ninyi watatu. Kwa hiyo usiandike historia usiyoweza kuionyesha. "Kwa mujibu wa familia, ilinunuliwa mwaka 1968" ni sentensi salama. "Ilitoka ikulu" si salama, hata kama mjomba anaapa.

Majina kwenye mkataba yawe ya wamiliki wote, au ya msimamizi wa mirathi kwa cheo chake. Utaombwa vitambulisho, na kwa mauzo makubwa pia maelezo ya kitu kilikotoka. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha ndizo zinazowasukuma, si kwamba wanakushuku.

Baada ya mauzo, pokea karatasi ya malipo inayotenganisha bei ya nyundo, kamisheni, na kila makato mstari wake. Ikiwa imeandika jumla tu, irudishe uombe nyingine. Angalia pia kama mnada umekata kodi yoyote kwenye chanzo, maana Ufaransa hilo ni jambo la kawaida, na hutaki kuilipa mara mbili.

Faili la meza sasa lina hati ya mirathi, ridhaa ya warithi, picha na maelezo ya dosari, ripoti ya thamani ya mwaka 2011, risiti ya mguu na fremu, mkataba, karatasi ya malipo na karatasi ya mgawo. Kila ndugu abaki na nakala yake. Karatasi za kodi zitunzwe kwa muda ambao mamlaka yenu inaweza kufungua upya marejesho. Zile za umiliki msizitupe kabisa, kwa sababu mnunuzi wa leo naye ataiuza siku moja, na atapiga simu kuuliza kama bado mna ile picha ya sebuleni.